Nyumba yako ikiwekwa mnadani na benki: siku 60, bei ya chini, na fedha inayobaki

Wengi wanaopokea barua ya benki ya kuuza nyumba hushughulika na swali moja tu: nifanyeje nyumba isiuzwe? Ni swali la haki, lakini linaficha swali la pili ambalo kwa mkopaji aliyekwishalipa sehemu kubwa ya mkopo lina uzito uleule: ikiuzwa, inauzwa kwa bei gani na baki inakwenda kwa nani? Nyumba ya milioni 120 inayodaiwa milioni 40 ina milioni 80 ambazo si za benki. Fedha hiyo hupotea kimyakimya pale mwenye nyumba anapoiacha bei mikononi mwa watu wasio na sababu ya kuipigania.

Mwongozo huu ni kwa mkopaji wa Dodoma na mikoa jirani aliyeweka nyumba yenye hati kuwa rehani, kisha marejesho yakamshinda. Sheria inayotawala ni Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2008 yaliyokuja na sheria ya mikopo ya nyumba. Namba za vifungu nitakazotaja ni za Toleo la 2019. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chini ya sheria hii benki haihitaji kwenda mahakamani kupata ruhusa ya kuuza. Ikifuata hatua, inauza yenyewe kupitia dalali. Kwa hiyo usisubiri wito wa mahakama ndipo uanze kujitetea, maana huenda usije kabisa.

Ili tuelewane, tutembee na mfano mmoja wa kubuni. Ni mama anayeuza mafuta ya alizeti kwa jumla katika soko la Majengo. Alikopa milioni 60, akaweka rehani nyumba yake ya Nkuhungu, akalipa vizuri kwa muda mrefu hadi mtaji uliobaki ukafika milioni 38. Kisha msimu mmoja ukamharibikia, akakosa marejesho matatu mfululizo ya milioni 2.1 kila moja. Tarehe 3 Machi akapokea barua.

Hatua ya kwanza: soma notisi na uhesabu siku

Kifungu cha 127 kinaitaka benki imwandikie mkopaji notisi ya kukiuka mkataba kabla ya kuchukua hatua yoyote dhidi ya nyumba. Barua ya jumla ya "tunakukumbusha deni lako" haitoshi. Notisi inapaswa kukueleza kwa kutosha umekosea nini na kwa kiasi gani, ufanye nini ili kurekebisha kosa hilo, kwamba benki inaweza kutumia haki zake dhidi ya nyumba, na kwamba baada ya siku 60 tangu uipokee, deni lote litakuwa limeiva na benki itaweza kuuza.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba maisha ya mkopaji, na ndiyo isiyosomwa. Ndani ya siku 60, kinachotakiwa kwa mama wa Nkuhungu ni kurekebisha kosa, yaani kulipa malimbikizo ya marejesho matatu, milioni 6.3, pamoja na adhabu za ucheleweshaji kama mkataba unazitaja. Siku 60 zikipita bila malipo hayo, anadaiwa milioni 38 zote na riba yake kwa mkupuo. Milioni 6.3 mtu anaweza kuzipata kwa kuuza gari, kiwanja cha Ihumwa, au kwa mchango wa ndugu. Milioni 40 kwa mkupuo ni wachache wanaozipata. Ndiyo maana nasema siku 60 si muda wa kwenda kubembeleza tu, ni muda ambao deni lako bado ni dogo.

Hesabu inaanzia siku uliyopokea, si tarehe iliyochapwa juu ya barua. Barua yenye tarehe 20 Februari iliyopokelewa 3 Machi inahesabiwa kuanzia 3 Machi. Machi inatoa siku 28 zilizobaki, Aprili siku 30, na siku mbili za Mei: siku ya 60 inaangukia 2 Mei. Kabla ya tarehe hiyo kupita, haki ya kuuza haijazaliwa.

Kwa hiyo siku ileile unayopokea, andika nyuma ya bahasha tarehe, saa na nani aliyeileta, na usiitupe bahasha hiyo. Ukisaini kitabu cha kupokelea barua, andika tarehe kwa mkono wako mwenyewe pembeni ya saini, kisha kipige picha ukurasa huo kwa simu. Mabishano mengi ya minada huishia hapa: benki inasema ilipeleka notisi, mkopaji anasema hakuiona, na anayeshinda ni mwenye karatasi. Kama ulihama Area C ukaenda Kisasa na hukuiarifu benki kwa maandishi, barua ikapelekwa kwenye anuani ya zamani iliyo katika mkataba, hoja ya "sikupata" itakuwa dhaifu sana. Peleka barua ya kubadili anuani leo hii, hata kama hudaiwi rejesho lolote.

Nakala za notisi hiyo hazimhusu mkopaji peke yake. Kifungu cha 132 kinataka zipelekwe pia kwa wengine wenye maslahi, wakiwemo Kamishna wa Ardhi, mwenzi wa ndoa mwenye maslahi katika nyumba, mdhamini, na mkopeshaji mwingine aliye na rehani juu ya nyumba hiyohiyo. Waulize mume au mke wako na mdhamini kama wamepata. Na kama ni nyumba ya familia, fungua ule mkataba wa rehani uangalie kama mwenzi wako aliridhia na kusaini, maana kifungu cha 114 kinaifanya ridhaa hiyo kuwa sharti la uhalali wa rehani yenyewe. Saini ya mwenzi iliyoghushiwa, au hati ya kiapo inayosema mkopaji hana ndoa ilhali anayo, ni jambo la kumpelekea wakili mara moja. Ila tahadhari: kama mkopaji ndiye aliyeidanganya benki, mahakama haitamtazama yeye kwa huruma. Anayelindwa hapo ni mwenzi asiyejua.

Hatua ya pili: tumia siku 60 kufanya mambo mawili kwa pamoja

La kwanza ni kuiandikia benki. Usiende kuongea tu na afisa mikopo ukarudi na ahadi ya mdomo, kwa sababu afisa anahamishwa na ahadi inaondoka naye. Andika barua, omba taarifa kamili ya mkopo inayoonyesha mtaji, riba na adhabu kila kimoja peke yake, pendekeza mpango wa malipo wenye tarehe na kiasi, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Ukiweza kulipa hata sehemu, lipa na utunze stakabadhi. Benki isipokujibu, au ikikujibu kwa namna usiyoielewa, lalamika kwa maandishi kupitia utaratibu wake wa malalamiko, kisha upeleke Benki Kuu, ambayo ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 na ina tawi hapa Dodoma. Lakini lalamiko hilo peke yake halisimamishi siku zisihesabike.

La pili ni kufikiria kuuza mwenyewe. Najua hili linauma kulisikia, lakini kwa mtu ambaye kweli hana pa kupata fedha, ndiyo njia inayookoa zaidi. Mnunuzi unayemtafuta mwenyewe hulipa bei ya soko, kwa sababu anaingia nyumba akiwa na mwenyeji anayemkabidhi funguo, na hana hofu ya kesi. Mnunuzi wa mnada anakata bei ili kufidia hofu hiyo. Utaratibu ni kuiomba benki ridhaa kwa maandishi, kisha mkataba wa mauzo useme mnunuzi atalipa deni moja kwa moja benki, benki itoe barua ya kuondoa rehani na hati, na kinachobaki kiingie akaunti yako. Usichukue malipo ya awali mkononi ukayatumia, mnunuzi akija kugundua rehani utakuwa na kesi mbili.

Haki yako ya kulipa deni na kuichukua nyumba inabaki hadi nyumba iuzwe. Hata ukipata fedha asubuhi ya mnada, lipa, na upeleke uthibitisho kwa benki na kwa dalali kabla nyundo haijagonga.

Hatua ya tatu: shughulikia bei kabla ya tangazo kutoka

Hapa ndipo mwongozo huu unapotaka ukae zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha ilipo.

Kifungu cha 133 kinampa anayeuza nyumba ya rehani wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana kwa busara wakati wa kuuza. Wajibu huo ni kwa mkopaji, kwa mdhamini na kwa wakopeshaji wanaofuata. Kisha sheria inaweka kipimo: nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya wastani wa bei ambayo nyumba zinazofanana nayo zinauzwa sokoni, inachukuliwa kwamba benki imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itangaze mauzo kuwa batili. Bei ikiwa chini kwa pungufu ya asilimia 25, hiyo haimaanishi kwamba benki iko salama. Ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uzembe unabaki kwako. Na kipengele chochote cha mkataba wa mkopo kinachosema benki inaweza kuuza kwa bei yoyote itakayoona inafaa hakiwezi kuuondoa wajibu huu.

Angalia vizuri maneno "wakati wa kuuza". Benki huweka bei ya chini ya mnada, ile ambayo dalali hatakiwi kushuka chini yake, kwa kutegemea ripoti ya mthamini. Ripoti hizo kwa kawaida hutaja thamani mbili: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa lazima ambayo ni ndogo kwa kuwa inadhani muuzaji ana haraka. Tatizo linatokea benki inapoifungua faili na kuchukua ripoti iliyofanywa siku ya kutoa mkopo. Kwa Dodoma hilo ni tatizo kubwa kuliko sehemu nyingi, kwa sababu mji umebadilika: serikali imehamia, CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji na kugawa viwanja, ilivunjwa mwaka 2017 na umiliki wa viwanja uliokuwa wa miaka 33 ukageuzwa kuwa hati za miaka 99, Jiji likatangazwa mwaka 2018, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba. Nyumba iliyothaminiwa kabla ya barabara ya lami kufika mtaani si nyumba ileile baada ya lami.

Turudi Nkuhungu. Ripoti ya zamani ya benki ilisema thamani ya soko ni milioni 90 na ya kuuza kwa lazima ni milioni 63. Benki ikapanga kuweka bei ya chini ya milioni 63. Mama akamtafuta mthamini aliyesajiliwa, akakuta nyumba tatu zinazofanana na yake, zenye ukubwa wa kiwanja na hali ya jengo inayokaribiana, zimeuzwa karibuni katika eneo hilo kwa milioni 114, milioni 121 na milioni 125. Wastani wake ni milioni 120. Robo ya milioni 120 ni milioni 30, kwa hiyo mstari wake uko kwenye milioni 90: mauzo ya milioni 90 au chini yake yanaiweka benki katika dhana ya kuvunja wajibu. Bei ya chini ya milioni 63 ipo chini ya wastani kwa asilimia 47.5.

Hiyo ripoti mpya haina kazi ikikaa kabatini. Iambatishe kwenye barua ifuatayo na uipeleke benki, nakala kwa dalali ukishamjua, kila nakala igongwe muhuri:

"Nyumba yangu iliyoko kiwanja namba ___, kitalu ___, Nkuhungu, Dodoma, imethaminiwa tarehe ___ na mthamini aliyesajiliwa, na ripoti imeambatishwa. Wastani wa bei za nyumba zinazofanana nayo ni shilingi 120,000,000. Kwa mujibu wa kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi mna wajibu wa kupata bei bora inayowezekana wakati wa kuuza. Naomba mnijulishe kwa maandishi bei ya chini mliyoiweka na tarehe ya ripoti ya uthamini mliyoitegemea. Mauzo yoyote ya shilingi 90,000,000 au chini ya hapo nitayapinga mahakamani."

Benki inaweza isikuambie bei ya chini iliyoweka, na mara nyingi itasema ni siri ili wanunuzi wasiijue. Barua inafanya kazi nyingine. Mwanasheria wa benki akishaisoma, hawezi tena kusema hakujua thamani ya nyumba, na mara nyingi ndiye atakayeshauri bei ya chini ipandishwe au uthamini urudiwe.

Katika kutafuta nyumba za kulinganisha, uwe mkweli. Nyumba ya Iyumbu si mfano wa nyumba ya Chang'ombe, na nyumba yenye hati haiwezi kulinganishwa na isiyo na hati. Bei zinazotangazwa na madalali wa mtaani ni bei za kuombwa, si za kuuzwa. Viwango elekezi vya thamani ya ardhi vya serikali vinasaidia kama kipimo cha chini, lakini ni vya kiwanja. Jengo lina hesabu yake. Benki itaijibu dhana ya asilimia 25 kwa kuonyesha kwamba ilitangaza kwa upana, ilitumia ripoti ya karibuni, wanunuzi walikuwa wengi, au nyumba ina kasoro kama ufa wa msingi au mgogoro wa mpaka. Kama kasoro zipo kweli, mthamini wako azitaje mwenyewe na kuzikata kwenye bei. Ripoti inayoficha ufa huanguka siku mthamini anapohojiwa.

Hatua ya nne: tangazo la mnada

Baada ya siku 60, benki humpa dalali kazi. Sheria ya Madalali, Sura ya 227, kifungu cha 12, inakataza mnada wa ardhi kabla ya tangazo la hadhara la angalau siku 14, linalotolewa kwenye mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi na pia mahali mauzo yatakapofanyika. Sheria hiyo ni ya zamani kiasi kwamba inataja kupigwa ngoma, au njia nyingine itakayoeleweka kwa wasiojua kusoma. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na gari la matangazo na bango ukutani, lakini shabaha ni ileile: watu wa eneo hilo wajue. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 134, inataka mnada utangazwe kwa namna itakayowafikia wanaoweza kuwa wanunuzi.

Kwa mama yetu, tangazo likitoka 3 Mei, mnada haupaswi kuwa kabla ya siku 14 kupita, yaani usiwe kabla ya 18 Mei. Nunua nakala ya gazeti lenye tangazo, uiweke nzima, si kipande tu, maana ukurasa wa mbele ndio unaobeba tarehe. Piga picha bango lililobandikwa, siku lilipobandikwa. Kama hakuna bango kwako wala kwenye ofisi ya mtaa au kata, piga picha pia kuta hizo tupu, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi.

Soma maelezo ya nyumba neno kwa neno. Namba ya kiwanja au kitalu ikikosewa, mnunuzi makini haji, kwa sababu anakwenda ofisi ya ardhi anaambiwa kiwanja hicho ni cha mtu mwingine. Vilevile tangazo linalosema "nyumba iliyoko Dodoma" bila kutaja vyumba, ukubwa wa kiwanja wala kuwepo kwa hati halimvuti mtu. Makosa hayo yaandikie benki siku ileile ukitaka tangazo lirudiwe. Ukinyamaza hadi baada ya mnada, utaulizwa kwa nini hukusema.

Na wewe mwenyewe leta wanunuzi. Watu huona aibu, lakini wanunuzi watano wa kweli katika ua wako ndio kinga kubwa ya bei kuliko hoja yoyote ya wakili.

Hatua ya tano: siku ya mnada

Uwepo, au mtume mtu unayemwamini, na akae kimya aandike. Saa ya kutangazwa na saa ya kuanza. Idadi ya waliokuja. Kila bei iliyotajwa kwa mpangilio wake. Nani aliyeshinda na kwa kiasi gani. Kwa desturi masharti ya mnada hutaka mshindi alipe asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya muda mfupi uliotajwa kwenye tangazo, mara nyingi siku 14. Fuatilia kama salio lililipwa kwa wakati, kwa sababu mshindi asiyelipa hajakamilisha ununuzi, na hapo bado una nafasi.

Dalili za mnada mbovu hazijifichi sana: umefanyika saa tofauti na iliyotangazwa, mahali pengine, umekwisha kwa dakika chache wakiwapo watu wa dalali tu, au mshindi ni ndugu wa mtu wa ndani ya benki. Usizuie mnada kwa fujo, wala usifungie watu geti kwa panga. Utajikuta polisi, na nyumba itauzwa ukiwa huko.

Lini kwenda mahakamani

Kabla ya nyundo, kama unaweza. Sababu ni kifungu cha 135, ambacho wakopaji wengi hukijua wakiwa wamechelewa. Kinamlinda mnunuzi: hana wajibu wa kuchunguza kama kweli ulikosea au kama notisi ilitolewa sawasawa, isipokuwa kama kulikuwa na ulaghai au udanganyifu wa benki ambao alijua au alipaswa kujua. Aliyeumizwa na mauzo yasiyo halali anabaki na haki ya kudai fidia kutoka kwa aliyeuza. Kwa lugha nyepesi, baada ya mauzo unaweza kushinda kesi, ukapewa fedha, nyumba ikabaki ya mtu mwingine.

Shauri la nyumba ambayo thamani yake haizidi milioni 300 huanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Pamoja na shauri lenyewe hufunguliwa maombi ya zuio la muda chini ya hati ya dharura. Vigezo vinavyotumika tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969 ni vitatu: kuwe na hoja ya kweli ya kuamuliwa, kuwe na hasara isiyoweza kufidiwa, na usumbufu utakaokupata bila zuio uwe mkubwa kuliko utakaoipata benki kwa zuio. Benki hujibu kigezo cha pili kwa jibu lilelile: uliiweka nyumba rehani, ina thamani inayojulikana, kwa hiyo hasara yako inafidika kwa fedha. Ndiyo maana maombi yanayosema tu "nitakosa pa kuishi" huanguka, na yanayoonyesha kwamba siku 60 hazijaisha, kwamba mwenzi hakuridhia, au kwamba taarifa ya mkopo ina makosa ya kiasi, husimama. Yanasimama zaidi kama umeshalipa kile usichobishania. Zuio likitolewa haliwezi kuzidi miezi sita kwa mara moja, na likiongezwa jumla yake isizidi mwaka mmoja, kwa hiyo si mahali pa kupumzikia.

Kama mnada umeshafanyika na bei iko chini ya mstari wa asilimia 25, fungua shauri haraka kabla umiliki haujahamishwa kwa Msajili wa Hati, na muulize wakili kuhusu kuweka kaveati, yaani tahadhari inayosajiliwa ili umiliki usihamishwe kimyakimya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aombe kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Fedha ya mauzo inagawanywaje

Kifungu cha 136 kinaweka foleni, na hakuna anayeruhusiwa kuruka nafasi. Kwanza hulipwa kodi na tozo zinazodaiwa juu ya ardhi hiyo, mfano kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa. Pili, rehani iliyotangulia, kama ipo na nyumba iliuzwa ikiwa chini yake. Tatu, gharama halali na za kiasi za kuuza: dalali, matangazo, uthamini. Nne, deni la benki inayouza, yaani mtaji, riba na gharama nyingine zilizomo mkatabani. Tano, rehani zinazofuata kwa mpangilio wake, mfano chama cha akiba na mikopo kilichosajili rehani ya pili. Kinachobaki baada ya hao ni cha yule aliyekuwa na haki ya kuikomboa nyumba mara tu kabla ya kuuzwa.

Nyumba ya Nkuhungu iliuzwa kwa milioni 96. Kodi ya pango na tozo zilikuwa laki tisa. Dalali, matangazo na uthamini vilikula milioni 5.1. Benki ilidai mtaji wa milioni 38 na riba na adhabu za milioni 4.6, jumla milioni 42.6. Hakukuwa na rehani nyingine. Makato yote ni milioni 48.6, na baki ni milioni 47.4, mali ya mama.

Sasa weka bei nyingine kwenye hesabu hiyohiyo, tukiacha gharama zilivyo. Kwa milioni 84, baki ni milioni 35.4. Kwa milioni 63, bei ya chini ya mwanzo, baki ni milioni 14.4. Katika bei zote tatu benki inapata milioni 42.6 zilezile. Kila shilingi inayopungua inatoka mfukoni mwa mwenye nyumba peke yake. Benki yenye deni dogo juu ya nyumba kubwa haiumii bei ikianguka, na hiyo ndiyo sababu ya kupeleka ripoti yako mapema badala ya kusubiri ihangaike kwa niaba yako. Mwenye deni kubwa kuliko nyumba yupo upande wa pili wa hesabu: bei isipotosha, salio la deni linaendelea kudaiwa kwake, kwa hiyo naye bei nzuri inampunguzia mzigo.

Usisubiri kupigiwa simu uchukue baki. Mara salio la mnunuzi linapolipwa, andika kuomba mchanganuo wa mauzo ukiwa na mambo haya: bei iliyouzwa na tarehe fedha ilipoingia, stakabadhi za kodi, ankara ya dalali na ya matangazo, na taarifa ya mkopo hadi siku fedha ilipoingia. Kagua sehemu mbili kwa makini. Moja ni riba: inapaswa kukoma pale deni lilipolipwa na fedha ya mauzo, si mwezi uliofuata benki ilipofunga akaunti. Nyingine ni gharama: "gharama za ukusanyaji" za jumla bila ankara, au kamisheni ya dalali iliyokatwa mara mbili, zikatae kwa maandishi. Benki pia haina ruhusa ya kuizuia baki kwa sababu una mkopo mwingine usiohusiana na rehani hii, isipokuwa kama mkataba uliosaini uliifanya nyumba hiyohiyo kuwa dhamana ya mikopo yote. Usome.

Swali la mwisho ni nani hasa anayelipwa, na linazua ugomvi majumbani. Mzazi anayeishi Kikuyu hapa Dodoma akiweka nyumba yake rehani kwa mkopo wa biashara ya mwanawe, baki ni ya mzazi mwenye nyumba, hata kama akaunti ya mkopo ina jina la mtoto. Mzazi aandike mapema benki, ataje akaunti yake, na aseme asiwekewe fedha kwenye akaunti ya mkopaji. Kama nyumba ina majina mawili kwenye hati, wote wawili wasaini maelekezo ya malipo. Mwenye nyumba akiwa amefariki, benki itamlipa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo familia ifungue mirathi mara tu notisi inapofika, kwa kuwa bila msimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kujibu barua, kupinga bei, wala kupokea hiyo fedha.